Tulikukosea, Siyo "Usumbufu Uliojitokeza"

Mpenzi msomaji, kama una simu ya mkononi, una mita ya umeme au umewahi kukata tiketi ya basi la mikoani, basi sentensi hii unaijua kwa moyo: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Inabandikwa milangoni, inasomwa redioni, inatumwa kwa meseji saa sita usiku. Hebu iangalie vizuri. Usumbufu umejitokeza. Wenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Hakuna aliyesumbua, na ukiisoma kwa makini hata aliyesumbuliwa hayumo.

Kwa umeme uliokatika sina ugomvi nayo sana. Transfoma ikiungua haikuwa na nia mbaya na wewe. Lakini mteja akijibiwa kwa dharau na mtu aliyekaa mbele yake, mwenye jina, sauti na macho, hakuna kilichojitokeza hapo. Kuna mtu alisema na kuna mtu aliambiwa. Ukimtumia sentensi ile ya transfoma unamkosea mara ya pili.

Mwezi huu basi nataka tuongee kuhusu simu ile ngumu. Wewe ndiye msimamizi, au ndiye mwenye saluni, studio ya picha, kampuni ya mapambo, duka la simu, vyovyote. Mwenzako kazini amemjibu mteja vibaya. Wewe hukuwepo. Mteja amekasirika na sasa ni zamu yako kupiga. Kinywani yanakujia maneno ya aina mbili, na yote yanakuja haraka. Ya kwanza ni ya kumtupa mwenzako: "Huyo dada ana matatizo, hata sisi ametuchosha." Ya pili ni ya kumkinga: "Siku hiyo kulikuwa na watu wengi, unajua tena mwisho wa mwezi." Moja linaonekana la ukali na lingine la huruma, lakini upande wa pili wa simu mteja anasikia kitu kile kile, kwamba ofisi yenyewe haina kosa.

Nilisoma mawasiliano chuo kikuu, lakini somo hili sikulipata darasani. Nililipata kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, ambako nilikuwa katibu. Ukumbi wenyewe siutaji. Upo Dar, una viyoyozi vinavyofanya kazi, na inatosha.

Mambo yalikuwa hivi. Ukumbi ulikuwa wa milioni tatu. Kamati ilishalipa advansi ya milioni moja na nusu, na mkataba ulisema salio liishe siku kumi na nne kabla ya sherehe. Wewe uliyewahi kukaa kwenye kamati unajua ahadi za michango zinavyokuja. Watu wameahidi, kadi wamepokea, simu hawapokei. Siku ya kumi na nne ilipofika mweka hazina alikuwa na milioni moja tu mkononi. Binamu yangu akaenda nayo, akiwa na mchumba wake, kuomba nusu milioni iliyobaki waimalizie Jumatatu. Aliyewapa lifti ni mjomba wa bibi harusi, mzee wa heshima zake, naye akashuka kwenye gari akaingia nao ndani.

Keshia akazihesabu zile hela, akawatazama, halafu akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye viti vya wanaosubiri: "Kama hela hamna si mfanyie nyumbani? Hapa hatukopeshani harusi."

Mjomba hakusema neno. Aligeuka akatoka, akakaa kwenye gari.

Kama hujaolewa wala hujaoa labda utaona ni jambo dogo. Siyo dogo. Kijana yuko mbele ya wakwe, wiki mbili kabla ya ndoa, anatangazwa hadharani kwamba hana uwezo. Wakiwa njiani kurudi, nilisimuliwa, hakuna aliyefungua mdomo kutoka pale mpaka Mwenge. Usiku ule bibi harusi alikuwa analia na binamu yangu anatafuta ukumbi mwingine, bila kujua advansi itarudi vipi.

Mwenyekiti wetu akapiga simu kulalamika. Jibu lilikuja kwa meseji kesho yake asubuhi, nami kama katibu nikaihifadhi. Ilisema hivi:

"Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza jana. Mhudumu wetu bado ni mgeni na kulikuwa na wateja wengi. Samahani kama mlijisikia vibaya. Tunapenda pia kukumbusha kuwa salio lako lilipaswa kukamilika jana kwa mujibu wa mkataba."

Baadaye tulijua iliandikwa na msaidizi pale ofisini aliyekuwa anajaribu kusaidia, na sina shaka aliona ameandika kitu kizuri. Ngoja tuifungue, maana ndiyo meseji ambayo wengi tungeandika.

"Usumbufu uliojitokeza" tumeshaumaliza. Tuje kwa "mhudumu wetu bado ni mgeni". Hapa msaidizi amefanya mambo mawili kwa maneno matano. Amemnyooshea kidole keshia, na papo hapo amempa udhuru. Mteja kichwani anajibu: sasa mgeni kwa nini mmemkalisha penye hela peke yake? Na kama ni kweli kulikuwa na wateja wengi, basi wengi hao ndio waliosikia. Kila sababu unayoitoa inafungua mlango wa swali jipya, na utakuta dakika tano zimepita unatetea ratiba yako ya zamu.

Kisha "samahani kama mlijisikia vibaya". Neno "kama" ni dogo lakini ni sumu. Linasema huenda hakuna kilichotokea, huenda ni nyinyi tu mna mioyo myepesi. Na "mlijisikia" inalihamisha kosa kutoka kinywani kwa keshia kwenda kifuani kwa mteja.

Mwisho, salio. Ee jamani! Kwa mkataba ukumbi ulikuwa na haki, hilo halina ubishi, tulikuwa tumechelewa. Lakini deni na dharau ni mafaili mawili. Ukiyafunga kwa uzi mmoja mteja anasoma hivi: tulikutukana kwa sababu ulistahili. Kama una la kudai, lidai siku nyingine, kwa barua nyingine.

Meseji ile ilipowekwa kwenye grupu la kamati moto uliwaka upya, safari hii mkubwa kuliko wa jana. Mpaka saa nane mchana, simu ya binamu yangu ilipoita. Alikuwa meneja wa ukumbi, mama wa makamo ambaye siku ya tukio alikuwa nje ya ofisi. Tulikuwa tumekaa pamoja tukipanga viti kwenye karatasi, binamu yangu akaweka spika.

Hakuanza na samahani. Alijitambulisha, akauliza kama ni saa nzuri ya kuongea, halafu akasema: "Nimesikia kuna jambo lilitokea hapa kwetu jana. Naomba unisimulie wewe mwenyewe. Sitakukatiza." Na kweli hakukatiza. Binamu yangu alimwaga yote, pamoja na ya mjomba kwenye gari. Kulikuwa na kimya kidogo, tukasikia kalamu inaandika, kisha akauliza maswali mawili tu. La kwanza: nani wengine mlikuwa nao? La pili: hapo palipokuwa na viti, kulikuwa na watu?

Niliona baadaye kwa nini hayo mawili. Mtu anayeomba radhi kwa kosa la mwenzake ana tatizo moja ambalo mkosaji mwenyewe hana: hakuwepo. Akiomba radhi kabla ya kusikiliza, anaomba radhi kwa kitu asichokijua, na mteja anakihisi hicho mara moja. Akisema "ngoja nikachunguze kwanza", anakuwa amemwita mteja mwongo. Njia ya katikati ni hiyo aliyopita, usikie kwanza, ujue lilisemwa nini na mbele ya nani, ndipo useme.

Naye akasema, nami niliyanukuu pembeni ya karatasi ya viti kwa sababu kazi yangu ni maneno:

"Tulikukosea. Ulikuja kulipa, ukajibiwa kwa dharau kuhusu hela, kwa sauti, mbele ya mchumba wako na mzee wenu na wateja wengine. Haikutakiwa iwe hivyo, na haijalishi salio lilikuwa shilingi ngapi. Kwa niaba ya ukumbi ninaomba radhi."

Hayo tu. Yasome tena uone yasiyokuwemo. Hakuna jina la keshia wala cheo chake. Hakuna "mgeni", hakuna "mwisho wa mwezi", hakuna "kama", hakuna "lakini". Tena hakulirudia tusi lenyewe neno kwa neno, maana kulirudia ni kumtukana mtu upya. Alilitaja kwa aina yake: dharau, kuhusu hela, kwa sauti, mbele ya nani. Mteja anajua umesikia, na kidonda hakikutoneshwa.

Halafu angalia kiambishi. "Tu-likukosea." Kiswahili kimetupa hapa kitu kizuri kuliko tunavyokitumia. Ukisema "alikukosea", umemtupa mwenzako. Ukisema "ulikosewa", umerudi kwenye usumbufu uliojitokeza, kosa lisilo na mwenyewe. "Tulikukosea" inabeba kosa zima na ndani yake hakuna mtu mmoja anayeweza kuchomolewa. Keshia yumo, meneja yumo, mwenye ukumbi yumo.

Lingine ni mpangilio. Sisi tuna mazoea ya kuanza na "naomba msamaha". Lakini kuomba ni kuomba, unamtaka mteja akupe kitu kabla wewe hujampa chochote. Mwaka 2016 watafiti watatu wa Marekani, Roy Lewicki na wenzake, walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu 755 waliopewa aina tofauti za maneno ya kuomba radhi. Kati ya vipande sita walivyovipima, kilichobeba uzito kuliko vyote ni kukiri kwamba kosa ni letu, na kilichofuata ni kusema tutarekebisha nini. Kilichoshika mkia ni kule kuomba kusamehewa. Ni kweli wale ni Wamarekani, na walikuwa wanapima maneno tu, siyo sauti wala macho, na mimi siamini kwamba kwetu mtu anaweza kuacha kabisa kuomba radhi, ataonekana ana kiburi. Ila mpangilio nakubaliana nao. Tulikukosea kwanza, radhi baadaye.

Na hapo hapo tusichanganye "pole" na "samahani". Pole ni neno zuri sana, tunampa aliyefiwa, aliyejikwaa, hata aliyetoka kazini amechoka. Kwa sababu hiyo hiyo halikiri kitu. Ukimwambia mteja "pole sana kwa yaliyokukuta" umesimama upande wake kama jirani mwema, siyo kama mwenye ofisi ambako yalimkuta. Pole inafaa iwe ya pili, baada ya kukiri. Na "sori", jamani, "sori" ni ya kukanyagana kwenye daladala.

Turudi kwenye simu. Binamu yangu alikuwa ameanza kulainika, lakini hasira ilikuwa bado na kazi yake, akauliza swali ambalo kila mteja analo: "Sasa huyo dada mtamfukuza?"

Hapa ndipo wasimamizi wengi wanapoteleza, kwa sababu kuahidi adhabu ni rahisi na kunapoza haraka. "Huyo kesho hayupo, kaka, usijali." Ukishasema hivyo umefanya mambo matatu mabaya kwa pamoja. Umemuuza mwenzako kwenye simu. Umemwachia mteja mzigo wa kudhani kuna mtu amekosa mkate kwa ajili yake, na wengi wakipoa hasira wanajuta. Na Tanzania Bara unaweza kuwa umedanganya, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na simu ya mteja peke yake siyo utaratibu.

Mama yule alijibu taratibu: "Nitakaa naye, na hilo ni jukumu langu, nisingependa nikubebeshe wewe. Ninachoweza kukuahidi wewe ni hiki. Kuanzia leo mazungumzo ya salio hayafanyiki tena pale mapokezi. Yatafanyika ofisini kwangu, mlango umefungwa. Na salio lenu mtanikabidhi mimi Jumatatu, kama mlivyoomba."

Unaona alichofanya? Swali lilikuwa la mtu, akajibu kwa jambo. Aliahidi kitu ambacho yeye ana mamlaka nacho na ambacho mteja anaweza kwenda kukiona kwa macho Jumatatu. Angesema "haitatokea tena" angekuwa anaahidi vinywa vya watu, na vinywa vya watu hakuna anayeviweza.

Kuna mteja hataridhika hapo. Atasema sitaki maneno, nataka nimwone ameshikishwa adabu. Nimemsikia rafiki yangu mmoja mwenye saluni akilijibu hilo kwa sentensi ambayo naipenda: "Dada, na wewe siku ukikosea kazini kwako, ningependa bosi wako asinihadithie mimi." Ni ya ujasiri kidogo, inategemea mnafahamianaje. Kwa mteja wa mara ya kwanza mimi nisingeithubutu.

Jambo la mwisho kwenye simu ile ndilo lililoniacha mdomo wazi. Mama meneja aliuliza: "Mzee wenu, je, ataniruhusu nimpigie?"

Fikiria hilo. Mteja kwenye karatasi ni binamu yangu, jina lake ndilo liko kwenye mkataba. Lakini aliyeumia zaidi kwa mila zetu ni mzee aliyekaa kwenye gari, na wala hakuwa amelipa hata senti. Radhi iliyoishia kwa binamu yangu ingemwacha kijana na kazi ya kwenda kumweleza mjomba kwamba "wameshaomba radhi", maneno ambayo yakitoka kinywani mwake yanafanana na kujitetea. Kosa lililofanyika mbele ya watu haliponi kwa kunong'ona kwa mmoja wao. Si lazima uitishe mkutano. Lakini jiulize waliosikia ni nani, na yupi kati yao anabeba heshima ya huyu mteja.

Alipiga kesho yake, baada ya kuombewa ruhusa. Bibi harusi alikuwa amekaa karibu na mjomba, akatusimulia. Alianza na shikamoo, akajitambulisha, akasema alichosema kwa binamu yangu kwa ufupi zaidi, akaongeza jambo moja: kwamba vijana walikuwa wamekuja kulipa, na waliongea kwa adabu mwanzo mpaka mwisho. Yaani alimrudishia kijana heshima mbele ya mtu ambaye aliipotezea mbele yake. Mzee alisikiliza, akasema, "Nimekusikia, mama," akakata simu. Ndiyo wazee wetu hao. Lakini jioni ile alimpigia binamu yangu mwenyewe kumuuliza suti imefikia wapi.

Sasa upande wa ndani, ambao sisi kama wateja hatukuuona. Nilimtafuta mama yule wakati naandaa ukurasa huu, akakubali nisimulie ilimradi nisitaje ukumbi. Alipokaa na keshia, wawili tu, alimuuliza kama alivyomuuliza binamu yangu: nisimulie. Ikaonekana wiki ile ile yeye mwenyewe meneja alikuwa amewakemea wafanyakazi kwenye kikao kwamba wanawalegezea wateja wa harusi na salio hazikusanywi. Keshia alitoka pale na agizo la kukaza, bila mtu kumwonyesha kukaza kunafananaje. Kwa hiyo alikaza kwa namna aliyoijua.

Je, mama angetuambia hilo kwenye simu? Lingekuwa kweli tupu, na bado lingekuwa udhuru. Hapa ndipo watu wanachanganya, wanadhani udhuru lazima uwe uongo. Hapana. Sababu ya kweli ni mali ya ofisi, inafanya kazi ukiitumia ndani: kubadilisha agizo, kuhamisha meza, kuwapa watu sentensi ya kusema. Pale sasa keshia akiletewa pungufu anasema, "Nimepokea milioni moja, hii risiti yake. Kuhusu iliyobaki, karibuni ofisini kwa meneja." Ukiipeleka sababu hiyo hiyo kwa mteja kabla hajauliza, inakuwa mwavuli wako. Akiuliza mwenyewe kwa utulivu, wiki moja baadaye, ilikuwaje, hapo mweleze, kwa ufupi.

Na onyo alipewa? Alipewa, kwa maandishi. Hakutuambia wakati ule na hatukuhitaji kujua.

Swali la punguzo la bei pia huwa linaulizwa. Mama yule hakutoa hata shilingi, alitoa zile siku nne mpaka Jumatatu, kwa sababu ndicho kitu kilichokuwa kimeombwa. Mimi naona alikuwa sahihi. Ukimpunguzia laki mbili mtu ambaye ametukanwa kwamba hana hela, umemtukana tena kwa bei. Punguzo linafaa pale mteja alipopoteza kitu kinachohesabika, kama nauli ya kurudi mara ya pili au siku nzima ya kazi, na liwe sawa na kilichopotea. Soda ya bure na kalenda ya kampuni waachie wateja wenye furaha.

Angalizo moja. Yote haya ni kwa ajili ya ukali, dharau, majibu ya mkato. Mteja akisema ameguswa mwili, ametukanwa kwa kabila au dini yake, au amechukuliwa hela bila risiti, usiishie kwenye simu nzuri. Hilo linaandikwa, linapewa tarehe, linapelekwa kwa mwenye mamlaka, na mteja anaelezwa linakwenda wapi.

Siku ya harusi yule keshia alikuwepo, amesimama mlangoni akielekeza wageni meza zao. Alimwamkia mjomba, mjomba akaitikia marahaba, basi. Nilikuwa nawaangalia. Kama juzi yake angekuwa ametajwa jina kwenye grupu letu la watu sitini, angesimamaje pale?

Siwezi kukuambia kwamba binamu yangu anaupenda ukumbi ule. Haupendi. Mpaka leo akiulizwa mapendekezo anataja mwingine. Ila harusi haikuhama, advansi haikupotea, na mwenyekiti wetu amewapeleka pale wateja wawili tangu hapo, akiwaambia wamuulizie yule mama.

Nimalizie na wewe ambaye si bosi. Barua nyingi za wasomaji kuhusu kazi zinatoka kwenu: dada wa mapokezi, kijana wa zamu ya jioni, ambaye mteja anamfuata akiwa anatetemeka kwa hasira na mkosaji ameshaondoka. Huna mamlaka ya kuahidi meza itahamishwa. Lakini "tu" unayo, wewe ni wa ofisi ile. Unaweza kusema, "Dada, hapa tumekukosea. Naomba nikuandike jina na namba, meneja atakupigia kesho kabla ya saa nne." Andika mbele yake, maneno yake, si tafsiri yako. Usimcheke mwenzako na usimtetee. Kisha usiku huo huo mtumie meneja meseji, na kesho saa tatu na nusu mkumbushe. Kama meneja hapatikani, piga wewe kabla ya hiyo saa nne, umwambie bado hujampata na utampigia tena saa ngapi.